Riba ya Hatifungani: Hesabu Kabla ya Kulalamika

Watu wengi wanaonunua hatifungani za Serikali ya Kenya huweka alama kwenye kalenda: riba iliingia tarehe 19, basi na mwakani itaingia tarehe 19. Siku ikifika na simu isilie, hofu huanza. Mara nyingi hakuna aliyechelewa. Riba hulipwa kila baada ya siku 182, na siku hizo mara mbili ni 364, hazifiki mwaka mzima. Ndiyo maana tarehe hurudi nyuma kidogo kidogo, na siku ya wiki ndiyo isiyobadilika.

Tuchukue hatifungani ya miundombinu IFB1/2024/8.5. Herufi za mwanzo ni aina yake, 1 ni toleo, 2024 ni mwaka, na 8.5 ni muda wake kwa miaka. Ilianza Jumatatu, tarehe 19 Februari 2024, kwa riba ya asilimia 18.4607 kwa mwaka. Riba ya kwanza iliangukia tarehe 19 Agosti 2024, ya pili tarehe 17 Februari 2025, ya tatu tarehe 18 Agosti 2025. Zote ni Jumatatu. Siku ikiangukia sikukuu, tarajia malipo siku ya kazi inayofuata.

Sasa kiasi. Mwenye hatifungani hiyo ya shilingi 300,000 huzidisha kwa asilimia 18.4607, apate 55,382.10 kwa mwaka. Akigawa kwa mbili, anapata 27,691.05, na hicho ndicho kinachopaswa kuonekana benki, kwa kuwa riba ya hatifungani hii haikatwi kodi. Angalia kwamba tumezidisha thamani iliyoandikwa kwenye hatifungani. Fedha ulizotoa mfukoni zinaweza kuwa pungufu au zaidi ya hiyo, na wanaopiga hesabu kwa bei waliyonunulia ndio wanaodhani wamepunjwa.

Hatifungani za kawaida, zenye herufi FXD, zina kodi ya zuio: asilimia 15 kwa za muda mfupi, na asilimia 10 kwa zilizotolewa kwa miaka 10 au zaidi. Kwa hiyo shilingi 500,000 katika hatifungani ya miaka 15 yenye riba ya asilimia 13 huzaa 32,500 kila nusu mwaka, na mkononi zinafika 29,250. Ukiona upungufu wa asilimia 10 au 15 kamili, umeshapata jibu.

Malipo ya kwanza yana mtego wake. Serikali hufungua tena hatifungani ya zamani, au wewe huinunua kwa mwekezaji mwingine. Kama siku 60 zimepita tangu riba iliyopita, katika mfano wetu utamlipa muuzaji 9,128.92 za siku hizo juu ya bei. Kisha riba ikija, utapokea 27,691.05 yote. Inapendeza machoni, lakini iliyo yako hasa ni 18,562.13, na nyingine ni fedha yako inayorudi.

Hatifungani nyingi za miundombinu pia hurudisha mtaji kwa mafungu kabla ya muda kuisha. Tuseme sehemu moja ya tano ya zile 300,000 imerudi: siku hiyo utaona 60,000 pamoja na riba, na kuanzia hapo riba itashuka hadi 22,152.84. Anayesahau hili hula mtaji akidhani ni faida, halafu anashangaa kipato kupungua. Ratiba ya mafungu imeandikwa kwenye waraka wa mauzo, isomwe siku ya kununua.

Bili za Hazina, za siku 91, 182 na 364, hazina riba ya katikati. Unanunua kwa bei pungufu, na faida yako ni tofauti ya bei hiyo na thamani inayolipwa bili ikiiva. Hatifungani nayo, siku ya kuiva, huleta riba ya mwisho pamoja na mtaji uliobaki.

Ikiwa siku ya kuiva imepita na akaunti ni tupu, ingia kwanza DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu unaotunza dhamana hizi. Tazama kama uliagiza fedha ziwekezwe tena. Katika hali hiyo hazitakuja benki, zitakuwa zimenunua dhamana mpya. Kisha linganisha nambari ya akaunti ya benki iliyosajiliwa humo na unayotumia sasa. Akaunti iliyofungwa au kulala, au jina lisilolingana, inaweza kuyarudisha malipo yalikotoka. Ukihama benki, badilisha akaunti hiyo mapema, usingoje wiki ya malipo. Na ukienda kuuliza Benki Kuu, nenda na nambari ya hatifungani, tarehe ya siku 182 na kiasi ulichotarajia baada ya kodi.