Pua Inayozibwa na Dawa ya Kuizibua

Tuseme fundi cherehani kapata mafua. Usiku wa pili pua imeziba, analala kinywa wazi. Asubuhi duka la dawa wanampa kichupa cha zailometazolini, dawa ya kupuliza puani. Anapuliza, na baada ya dakika chache hewa inapita vizuri. Wiki moja baadaye mafua yamekwisha, lakini kichupa hakiachi. Mwanzoni mpulizo mmoja ulimtosha kwa muda wa saa 8 hadi 10. Sasa zikipita saa tatu tu pua imefunga tena. Usiku anakiweka chini ya mto. Majirani wanamwambia ana mafua sugu, au ameota nyama za pua.

Mafua hana. Kinachoziba pua yake sasa ni ile dawa.

Kwenye kuta za pembeni ndani ya pua kuna vijinyama ambavyo kila mtu huzaliwa navyo. Kazi yake ni kuipasha joto na kuilainisha hewa kabla haijafika mapafuni, na kwa hiyo vimejaa mishipa ya damu. Mishipa hiyo ikijaa damu, vijinyama huvimba na njia hufungwa. Zailometazolini na ndugu yake oksimetazolini huibana mishipa hiyo, vijinyama vikasinyaa. Shida ni kwamba mishipa ikibanwa na dawa siku baada ya siku, huizoea, na uwezo wake wa kujibana yenyewe hupungua. Dawa ikiisha nguvu, mishipa hulegea na kujaa damu kuliko ilivyokuwa kabla. Mgonjwa anapuliza tena, na safari hii nafuu ni fupi zaidi. Ndiyo maana dawa hizi zina kikomo cha siku 3 hadi 5, na kikomo hicho mwuzaji angepaswa kukitamka kwa mdomo wakati anakabidhi kichupa.

Hali hii ina alama zake. Pua imeziba pande zote mbili, lakini mtu hana homa, hapigi chafya sana, wala kamasi si nyingi. Na hakuna kinachomfungua ila kichupa. Daktari akimulika ndani huona vijinyama vyekundu vilivyovimba. Asipoulizwa kuhusu kichupa, mgonjwa anaweza kushauriwa kukatwa vijinyama ambavyo vingesinyaa vyenyewe.

Tiba ni kuacha dawa ile, na hapo ndipo steroidi ya kupuliza puani inapoingia, kwa mfano flutikasoni, mometasoni au beklometasoni. Hii haibani mishipa. Inatuliza uvimbe wenyewe, na inafanya hivyo polepole: nafuu huanza baada ya siku kadhaa, na nguvu yake kamili huweza kuchukua hadi wiki mbili. Wengi huitupa siku ya pili wakidhani haifanyi kazi, kwa sababu wameshazoea kufunguka papo hapo.

Fundi wetu ataanza flutikasoni ya mikrogramu 50 kwa mpulizo, mipulizo miwili kila tundu, mara moja kwa siku. Siku hiyohiyo anaacha zailometazolini kwenye tundu la kulia, huku la kushoto akiendelea nalo ili apate usingizi. Tundu la kulia litaziba kwa siku kadhaa, kisha litaanza kufunguka. Likishafunguka, anaacha na la kushoto. Wapo wanaoacha yote mara moja. Hiyo pia ni sawa, ila usiku wa mwanzo ni mgumu.

Namna ya kupuliza inabadilisha matokeo. Anapenga kwanza, anatikisa chupa, anainamisha kichwa mbele kidogo. Mkono wa kushoto unapulizia tundu la kulia, na wa kulia tundu la kushoto, ncha ikielekezwa upande wa sikio, mbali na ukuta wa katikati. Ukuta huo ukipulizwa kila siku hukauka na kutoa damu. Anavuta hewa taratibu. Akivuta kwa nguvu, dawa yote inaishia kooni.

Jina steroidi huwatisha watu, ingawa kipimo cha puani ni kidogo na sehemu kubwa haifiki kwenye damu. Anayepaswa kutahadhari kweli ni anayetumia dawa za VVU zenye ritonaviri. Hiyo huzuia ini kuivunja flutikasoni au budesonidi, ikarundikana mwilini, uso ukavimba na tezi zinazotengeneza steroidi ya asili zikalala. Amtajie daktari dawa zake zote. Kwake beklometasoni ndiyo huchaguliwa zaidi.

Baada ya wiki chache pua ya fundi itaonyesha kama kulikuwa na tatizo jingine tangu awali. Akianza kupiga chafya na kuwashwa kila anapokata vitambaa vyenye vumbi, huo ni mzio, na steroidi ileile ndiyo dawa yake. Upande mmoja tu ukibaki umeziba, au ukitoa damu na harufu mbaya, aende kwa daktari wa masikio, pua na koo.