Kuusoma mti wa data kwa safu wima

Katika kompyuta mti huchorwa kichwa chini: mzizi uko juu, na katika mti wa aina tunayoitumia hapa kila nodi ina watoto wasiozidi wawili, wa kushoto na wa kulia. Kuusoma kwa safu wima, mpe mzizi namba 0. Ukishuka kushoto unatoa 1, ukishuka kulia unaongeza 1. Nodi zenye namba sawa ni za safu moja.

Tuchukue mti ambao mzizi wake ni 1, kushoto kuna 2, kulia 3. Nodi 2 ina mtoto wa kulia tu, 4, naye 4 ana mtoto wa kulia, 5. Hesabu: 2 iko safu ya −1, 4 inarudi 0, na 5 inaangukia safu ya 1, chini ya 3.

Hapa ndipo wengi huteleza. Programu inayozama tawi la kushoto hadi mwisho kabla ya kugusa la kulia itaikuta 5 kwanza, kisha 3, na safu itatoka 5, 3. Ukiona nodi ya chini imetangulia ya juu, sababu ni hiyo. Dawa ni foleni: nodi zihudumiwe ngazi kwa ngazi, kila moja ikiingia na namba ya safu yake. Jibu ni [2], [1, 4], [3, 5].

Sasa mpe 3 mtoto wa kushoto, 6. Anagongana na 4: safu moja, ngazi moja. Foleni humtanguliza wa kushoto. Baadhi ya maswali hutaka thamani ndogo itangulie. Hapa majibu yanalingana kwa bahati tu.