Mzaliwa wa Bungu Akihama, Sensa Huona Nini?

Kata ya Bungu iko juu kwenye milima ya Usambara, wilayani Korogwe, mkoani Tanga. Ardhi ya huko ni ya mteremko, na shamba la baba likigawanywa kwa watoto kila mmoja hupata kipande kidogo. Basi watu huteremka. Wapo wanaoishia mjini Korogwe, wapo wanaovuka hadi Handeni, na wapo wanaofika Dar es Salaam. Safari hizi haziandikwi kikamilifu popote zinapotokea, kwa hiyo sensa, inayofanyika takriban kila baada ya miaka 10, hulazimika kuzitambua baadaye kwa kulinganisha majibu ya maswali machache.

Sensa ya Tanzania humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mama wa Bungu aliyelala kwa dada yake Korogwe atahesabiwa Korogwe, ndiyo maana karani humuuliza pia makazi yake ya kawaida. Kisha huja swali la mahali alipozaliwa. Sensa za 2002 na 2012 ziliuliza pia mtu alikuwa akiishi wapi mwaka mmoja kabla, yaani 2001 na 2011.

Mahali pa kuzaliwa na makazi ya sasa vikitofautiana, mtu huhesabiwa kuwa amehama tangu kuzaliwa. Makazi ya mwaka uliotangulia yakitofautiana na ya sasa, huhesabiwa kuwa amehama karibuni. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, waliozaliwa Tanga ni watu 1,000. Kati yao 200 wanakutwa wakiishi mikoa mingine, na watu 120 waliozaliwa mikoa mingine wanakutwa wakiishi Tanga. Mkoa umetoa 200, umepokea 120, kwa hiyo umepungukiwa na watu 80. Majedwali makubwa ya uhamiaji hujengwa kwa hesabu hiyo hiyo, mkoa kwa mkoa.

Tazama sasa majibu ya watu watatu, wote wazaliwa wa Bungu. Wa kwanza alihamia Dar es Salaam akiwa kijana na yuko huko kwa miaka 20. Swali la kuzaliwa linamnasa, la mwaka uliopita linampita, kwa kuwa mwaka jana pia alikuwa Dar es Salaam. Wa pili aliondoka Bungu miezi 6 kabla ya sensa akaenda Moshi. Huyu ananaswa na maswali yote mawili. Wa tatu alifanya kazi Dar es Salaam miaka 20, akastaafu na kurudi nyumbani miaka 5 kabla ya sensa. Amezaliwa Tanga, anaishi Tanga, mwaka jana alikuwa Tanga. Kwenye jedwali ni sawa na jirani yake ambaye hakuwahi kutoka kijijini. Kwa hiyo jedwali la mahali pa kuzaliwa haliwezi kutuambia ni wangapi waliwahi kuondoka Bungu. Linatuambia ni wangapi walioondoka ambao walikuwa bado hawajarudi sensa ilipofika.

Swali la kuzaliwa lina upungufu mwingine: halina tarehe. Korogwe inaonyesha jambo hili vizuri. Reli kutoka Tanga ilifika hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na mashamba ya mkonge yakaenea kandokando yake. Wakati wa ukoloni manamba waliletwa kutoka mbali, wakiwemo watu wa Songea na Kigoma, na wengi hawakurudi kwao. Mzee wa namna hiyo, maadamu yu hai, huendelea kuonekana kuwa mhamiaji katika kila sensa, ingawa alihama mara moja tu, tena zamani. Watoto wake waliozaliwa kambini hawaonekani kabisa, maana wao ni wazaliwa wa Tanga. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila, kwa hiyo hakuna swali jingine la kuonyesha asili ya familia hizo. Idadi ya waliozaliwa nje ikipungua kwa kuwa wazee wamefariki, msomaji asiye mwangalifu anaweza kudhani kwamba wahamiaji wameondoka.

Swali la mwaka mmoja lina faida yake hapo, kwa sababu lina muda. Wilayani Handeni kuna kijiji cha Msomera, ambako Serikali ilianza kuhamishia familia kutoka Ngorongoro mwezi Juni 2022. Sensa ilifanyika Agosti 23 mwaka huo huo. Wafugaji wa Kimaasai walikuwapo maeneo ya Handeni na Kilindi tangu zamani, na baadhi ya waliokuwapo wanaweza kuwa wamezaliwa Arusha. Kwa mahali pa kuzaliwa pekee, mfugaji aliyefika miaka 15 iliyopita na aliyefika mwezi Julai wanafanana. Akiulizwa alikokuwa mwaka uliotangulia, wa pili anajitenga mara moja. Hata hivyo majibu hayo hayaelezi kwa nini alihama. Serikali ilisema watu walihama kwa hiari. Wakazi wengi wa Ngorongoro na watetezi wa haki walisema walishinikizwa. Hoja hiyo haiwezi kuamuliwa kwa jedwali la sensa.

Jambo linalowagusa zaidi watu wa Bungu ni mpaka. Mtu wa Mkomazi, wilayani Korogwe, akihamia Hedaru amefuata barabara ile ile kwenda kata za jirani, lakini ameingia mkoa wa Kilimanjaro, basi ni mhamiaji. Mtu wa Bungu akihamia Kilindi amesafiri mbali zaidi, amebadilisha wilaya, hali ya hewa na aina ya kilimo. Kwa kuwa bado yumo mkoani Tanga, jedwali la mikoa linamhesabu kuwa hajahama. Mipaka nayo hubadilika: Kilindi yenyewe ilikuwa sehemu ya Handeni hadi 2002. Mzee aliyezaliwa Kilindi na kuishi huko maisha yake yote akijibu kwamba alizaliwa Handeni, maana ndivyo ilivyoitwa wakati huo, anaweza kugeuzwa mhamiaji wa wilaya bila kuinua mguu. Hivyo mahali pa kuzaliwa huandikwa kwa mipaka ya sasa, na karani hana budi kuuliza kijiji kabla ya kuandika wilaya.

Jina la kijiji peke yake nalo halitoshi. Iko Bungu nyingine mkoani Pwani, katika wilaya ya Kibiti, kando ya barabara ya Kilwa. Mkazi wa Dar es Salaam akisema amezaliwa Bungu na karani akaandika bila kuuliza zaidi, mtu wa Usambara anaweza kuingia kwenye hesabu ya Pwani, au wa Kibiti kwenye hesabu ya Tanga. Orodha inayoanza na mkoa, kisha wilaya, hupunguza kosa hilo, lakini haimwokoi mwanakaya anayejibu kwa niaba ya mpangaji asiyemfahamu vizuri.

Hata kuzaliwa hospitalini huleta utata. Mama wa Korogwe akipewa rufaa ya kujifungua KCMC, Moshi, na mtoto akaandikwa mzaliwa wa Kilimanjaro, amekuwa mhamiaji akiwa na siku chache tu. Miongozo ya Umoja wa Mataifa hupendekeza ihesabiwe sehemu ambayo mama alikuwa akiishi. Ukiona watoto wachanga wengi kupita kiasi katika jedwali la waliozaliwa mkoa wenye hospitali kubwa, shuku kwanza namna swali lilivyoulizwa.

Kwa halmashauri inayopanga madarasa na maji, jedwali la mikoa huficha sehemu kubwa ya mwendo wa watu kutoka milimani kwenda tambarare. Iombe Ofisi ya Taifa ya Takwimu jedwali la wilaya kwa wilaya, lenye umri na jinsia, na isome maswali yote mawili kwa pamoja. Vijana wa miaka 15 hadi 29 waliozaliwa Korogwe na sasa wanaishi Handeni wataonekana hapo tu.