Binti Amepata Vyuo Viwili: Namna ya Kukataa Kimoja kwa Heshima

Zamani tatizo hili halikuwapo katika nyumba zetu. Mtoto wa Namawala au wa Idete aliyemaliza Kidato cha Sita katika miaka ya 1980 alikuwa na mahali pachache mno pa kuelekea. Kulikuwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu mwaka 1984 Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro. Akichaguliwa, kijiji kizima kilishukuru, na hakuna aliyefikiri kwamba ipo siku mtoto atapata nafasi mbili na kulazimika kuikataa moja.

Leo mambo yamebadilika. Pale Ifakara penyewe kuna chuo cha kufundisha madaktari, Chuo Kikuu Kishiriki cha Mtakatifu Fransisko, kilichoanza mwaka 2010 jirani na hospitali ya jina hilohilo. Tangu mwaka 2017 waombaji wa shahada ya kwanza hupeleka maombi moja kwa moja katika vyuo wanavyovitaka, kwa hiyo binti mmoja anaweza kuchaguliwa na viwili au vitatu kwa wakati mmoja. Furaha ni kubwa, lakini hapo ndipo familia nyingi hujikwaa. Wapo wanaodhani kuwa ukikaa kimya chuo usichokitaka kitajua chenyewe. Wengine huandika barua mapema mno, wakaachia tawi moja kabla hawajashika jingine. Mshika mbili moja humponyoka, na asiye na uangalifu humponyoka zote mbili.

Tuchukue mfano wa binti wa Namawala aliyesoma Fizikia, Kemia na Biolojia. Baba na mama wameuza magunia ya mpunga, binti akaomba udaktari katika vyuo viwili. Majina ya awamu ya kwanza yanapotoka, anakuta amechaguliwa Ifakara na pia Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Dar es Salaam. Wazazi wanakaa naye. Ifakara ni karibu na nyumbani, na chakula cha shambani kitamfikia. Muhimbili ni safari ya kutwa nzima kupitia Mikumi na Morogoro, lakini ni chuo cha serikali na ndicho alichokipenda tangu mwanzo. Wanaamua aende Muhimbili. Sasa afanyeje na Ifakara?

KUTHIBITISHA KWANZA, BARUA BAADAYE

Jambo la kwanza kulifahamu ni kwamba hapa kwetu kukataa chuo hakuanzi kwa barua. Kunaanza kwa kukubali kingine. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania humtumia kila mwombaji aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja ujumbe wa simu wenye namba maalumu ya siri. Binti hufungua akaunti yake ya maombi katika chuo anachokitaka, yaani Muhimbili, na kuiandika namba hiyo hapo. Akishafanya hivyo, amehesabiwa kuwa mwanafunzi mtarajiwa wa Muhimbili, na nafasi yake ya Ifakara inaachiwa katika mpango wa Tume.

Tazama basi ni wapi mambo huharibika. Ujumbe ule huenda kwenye simu iliyoandikwa wakati wa kuomba. Watoto wengi wa vijijini hujaziwa maombi na kijana wa duka la steshenari mjini, na pengine namba iliyoandikwa ni ya kijana huyo, au ya mjomba aliyekwisha kupoteza laini yake. Siku za kuthibitisha ni chache na zina mwisho wake, na asiyethibitisha popote anaweza kuikosa nafasi yake. Kwa hiyo, mama, siku ya kujaza maombi muulize binti: "Umeandika simu ya nani?" Ikiwa ujumbe haukufika, asingoje. Aingie katika akaunti ya chuo anachokitaka na kuomba namba hiyo itumwe tena, au apige simu ofisi ya udahili ya chuo hicho.

Jambo la pili ni mahali pa kuiandika namba. Huandikwa katika akaunti ya chuo unachokwenda, si ya chuo unachokikataa. Binti akiiandika kwa makosa katika akaunti ya Ifakara, atakuwa amethibitisha Ifakara, na Muhimbili haitaweza kumpokea mpaka kwanza aombe kujiondoa kule alikothibitisha. Jambo hilo linawezekana, lakini ni lazima lifanyike kabla siku za kuthibitisha hazijaisha. Akimaliza, asifunge akaunti mpaka ameona maneno yanayosema kuwa amethibitishwa, kisha achapishe ukurasa huo na kuuweka pamoja na vyeti vyake.

BARUA YENYEWE

Utauliza, kama mpango wa Tume umeshaiachia nafasi ya Ifakara, barua ya nini tena? Sababu zipo. Chuo kina orodha zake chenyewe za vyumba vya bweni, za wanaotarajiwa kuripoti na za waliolipa fedha. Barua huyafunga mambo hayo yote, na humwachia mwandishi ushahidi mkononi endapo jina lake litaonekana mahali pawili. Tena kuna heshima. Binti huyu akiwa daktari anaweza kurudi Ifakara kufanya kazi, na ni vema awe ameondoka mlangoni kwa kuaga.

Anayeandika ni binti mwenyewe, kwa jina lake kama lilivyo kwenye cheti. Si baba wala mama, kwa kuwa nafasi ilitolewa kwa jina lake. Barua iwe fupi namna hii:

Namawala,
S.L.P. ......, Ifakara.
Tarehe ..................

Ofisi ya Udahili,
Chuo Kikuu Kishiriki cha Mtakatifu Fransisko,
Ifakara.

YAH: KUJITOA KATIKA NAFASI YA SHAHADA YA UDAKTARI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwombaji mwenye namba ya mtihani wa Kidato cha Nne ............ Nilichaguliwa katika awamu ya kwanza kusoma shahada ya udaktari wa binadamu chuoni kwenu. Nawashukuru sana kwa nafasi hiyo.

Naomba kuwaarifu kwamba sitaichukua, kwa kuwa tarehe ............ nimethibitisha kusoma katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Naomba jina langu liondolewe katika orodha ya wanafunzi wapya na ya bweni, ili nafasi hiyo apewe mwingine.

Sijalipa ada wala malipo ya bweni. Naomba kujulishwa kwa simu namba ............ mtakapoipokea barua hii.

Wako mtiifu,
(Sahihi na jina kamili)

Angalieni mambo machache katika barua hii. Namba iliyoandikwa ni ya Kidato cha Nne, wala si ya Kidato cha Sita. Hiyo ndiyo inayomtambulisha mwombaji katika udahili, na bila hiyo karani atabaki anatafuta jina moja katikati ya majina yanayofanana. Tena barua inasema wazi "sitaichukua". Haisemi "nafikiria" wala "huenda", maana neno la mashaka haliwezi kumfanya karani afute jina. Sababu imetajwa kwa sentensi moja tu. Hakuna haja ya kueleza habari za ada, wala kulinganisha chuo na chuo.

Ikiwa mlikwisha kulipa fedha, sentensi ya malipo ibadilike. Ataje kiasi alicholipa, tarehe, na namba ya risiti, aambatishe nakala ya risiti hiyo, na kuomba kurudishiwa. Kila chuo kina kanuni yake ya kurudisha ada, na huenda sehemu ikakatwa. Ile ada ya maombi aliyolipa mwanzoni isitegemewe kurudi. Kwa hiyo ni busara fedha za mpunga zikae mpaka kuthibitisha kumalizike. Na vyeti halisi visitumwe kamwe, nakala zatosha. Kwa kuwa Ifakara si mbali, binti aweza kuipeleka barua mwenyewe akiwa na nakala ya pili, na kuomba igongwe muhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo ndiyo kinga yake.

PALE AMBAPO BARUA NI YA HATARI

Sasa tugeuze mfano wetu. Tuseme binti amechaguliwa Ifakara peke yake, lakini moyo wake bado uko Muhimbili, na anasikia kuwa awamu ya pili ya maombi imefunguliwa. Aliyechaguliwa chuo kimoja haitaji kuthibitisha, maana huhesabiwa kuwa tayari ana mahali. Ili aombe tena kwingine, itampasa kwanza afute udahili wake wa Ifakara.

Hapa, mama, msimamishe binti. Akishaomba kufutiwa, kiti chake cha Ifakara hakiwekwi akiba. Hupewa mwingine anayesubiri, na nafasi za udaktari ni chache kila mahali. Kama awamu ya pili Muhimbili haikumchagua, anaweza kukaa nyumbani mwaka mzima. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa binti wa namna hii iko njia yenye usalama zaidi. Awamu za udahili zikiisha, hutangazwa muda wa kuomba uhamisho kutoka chuo kimoja kwenda kingine. Anayeomba uhamisho haachii nafasi yake kwanza. Huomba huku akiwa nayo, na akikataliwa hubaki alipo. Atahamishwa tu kama chuo anachokitaka kina nafasi katika masomo hayo na kama alama zake zinafikia kiwango chao.

MKOPO USISAHAULIKE

Wazazi wengi wa bonde letu hutegemea Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Bodi hulipa ada moja kwa moja kwa chuo, na fedha za chakula na malazi humfikia mwanafunzi akiwa amesajiliwa hapo. Hivyo jina la chuo ni jambo kubwa. Binti aliyethibitisha Muhimbili kwa wakati wake hana shida. Lakini aliyehama baadaye ahakikishe, kabla hajafunga sanduku, kwamba mkopo wake nao umehamishwa. Aulize ofisi ya mikopo katika chuo anachoondoka na katika kile anachokwenda. La sivyo atafika Dar es Salaam na kukuta ada yake inasomeka kule alikotoka.

Na tusimsahau mtoto wa mama mwingine. Mahali fulani Mlimba, Malinyi au Mahenge yuko binti aliyefaulu ambaye jina lake limebaki chini ya mstari. Kiti cha Ifakara kikiachiwa mapema, anaweza kukipata katika awamu inayofuata. Kikiachiwa baada ya masomo kuanza, kitabaki kitupu, wala hakitamfaa mtu yeyote.