Fundi wa kumi na gharama yake

Karakana nyingi za samani za Keko, Dar es Salaam, zina orodha ya mishahara inayofanana: jina la fundi, mshahara ghafi, makato ya NSSF, kodi ya PAYE, pesa ya kupokea, na mwishoni kabisa nafasi ya sahihi. Karatasi hiyo inatosha kumlipa mtu mwisho wa mwezi. Ukiitumia kupima gharama ya kumwajiri mtu mwingine itakupotosha, kwa sababu imeandikwa kwa upande wa mfanyakazi. Inaonyesha anachokatwa yeye, haionyeshi anachotoa mwajiri.

Tuchukue karakana yenye mafundi tisa, ambao mishahara yao ghafi kwa jumla ni shilingi 4,200,000 kwa mwezi. Oda za vitanda na madawati zimezidi, na mwenye karakana, mama mmoja aliyeanza biashara na randa mbili na msumeno, anataka kumchukua fundi wa kumi. Fundi mwenyewe ameshakuja na bei yake: anataka laki nne mkononi. Hesabu zote zinazofuata ni za Tanzania Bara. Zanzibar ina mfuko wake wa hifadhi ya jamii na taratibu zake.

Neno la kuangalia kwanza ni hilo "mkononi". Kwetu mtu akitaja mshahara, mara nyingi anamaanisha kile kitakachoingia kwenye simu au akaunti yake, ilhali sheria inahesabu kila kitu kuanzia mshahara ghafi. Mwajiri aliyeahidi laki nne mkononi hana budi kurudi nyuma: atafute ni mshahara gani ambao, ukitolewa asilimia 10 ya NSSF kisha PAYE, utabaki laki nne. Kwa viwango vya PAYE vya sasa, mapato hadi shilingi 270,000 kwa mwezi hayana kodi, na kipande kinachofuata hadi 520,000 kinatozwa asilimia 8. Mchango wa NSSF wa mfanyakazi hutolewa kwanza, kabla ya kodi kupigwa.

Ukifanya hesabu hiyo unafika kwenye mshahara ghafi wa 457,000. Toa 45,700 za NSSF, inabaki 411,300. Zinazozidi 270,000 ni 141,300, na asilimia 8 yake ni 11,304. Fundi anapokea 399,996, pungufu ya laki nne kwa shilingi nne tu. Hapa kuna kosa ninaloliona mara kwa mara: mwenye biashara anaandika laki nne kwenye safu ya mshahara ghafi, mwisho wa mwezi fundi anapokea 352,800, na ugomvi unaanza kabla hata kazi haijakolea. Basi ni vizuri mkataba utaje mshahara ghafi, na fundi aonyeshwe hesabu ya makato siku ileile anayokubali kazi.

Sasa tuingie upande wa mwajiri, ambao orodha ile haina safu yake. Kwenye NSSF yeye naye anatoa asilimia 10, yaani 45,700, na hii haitoki kwenye mshahara wa fundi. Kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, anatoa nusu asilimia ya mshahara ghafi, shilingi 2,285. Kiasi hicho hakiruhusiwi kukatwa kwa mfanyakazi, kwa sababu ndicho kinachomlipia mwajiri siku fundi akikatwa kidole na msumeno wa umeme. Tukijumlisha, fundi wa laki nne amefika 504,985 kwa mwezi. Wenye biashara wengi wanaojua hesabu huishia hapa, na kwa fundi wa saba au wa nane wangekuwa sahihi.

Huyu lakini ni wa kumi. Sheria ya tozo ya kuendeleza ufundi stadi, inayojulikana kwa herufi SDL, inamgusa mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Kabla ya mwaka 2021 kizingiti kilikuwa wafanyakazi wanne, kisha kikapandishwa, na ndiyo maana karakana ya watu tisa inaweza kufanya kazi miaka bila kuisikia tozo hii. Siku mfanyakazi wa kumi anapoingia, tozo haihesabiwi kwenye mshahara wake peke yake. Inahesabiwa kwenye mishahara ghafi ya wote.

"Mama," mhasibu wa karakana kama hii angemwambia, "huyu hatumwongezi yeye tu, tunaongeza na tozo ya wenzake tisa."

Kiwango cha SDL kilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 kuanzia Julai 2023, nami natumia hicho. Kila bajeti inaweza kugusa namba hizi, kwa hiyo anayepiga hesabu yake mwenyewe athibitishe kiwango cha mwezi husika. Mishahara yote sasa ni 4,200,000 kuongeza 457,000, yaani 4,657,000. Asilimia 3.5 yake ni 162,995. Katika hizo, 15,995 tu ndizo zinazotokana na mshahara wa fundi mpya. Zile 147,000 zilizobaki ni za mafundi wa zamani, ambao jana walikuwa hawatozwi hata senti, na leo wanatozwa kwa sababu mwenzao amefika.

Kwa hiyo fundi anayepokea laki nne anaigharimu karakana 667,980 kwa mwezi. Jumla hii inathibitishwa kirahisi kwa kufuata fedha zinakokwenda. Mkononi mwa fundi 399,996. NSSF, michango yote miwili, 91,400. PAYE 11,304. WCF 2,285. SDL 162,995. Zikijumlishwa zinarudi palepale, 667,980. Njia hii ya kuhakiki ni nzuri kwa sababu inakamata kosa la kuhesabu kitu mara mbili. Wapo wanaochukua mshahara ghafi, wakaongeza asilimia 20 nzima ya NSSF na PAYE juu yake, wakisahau kwamba mchango wa fundi na kodi yake vimo tayari ndani ya ule mshahara ghafi. Zile 457,000 zinawatosha fundi, nusu moja ya NSSF na PAYE. Kinachoongezeka juu yake ni vya mwajiri tu.

Kosa la kuhesabu mara mbili huwanasa wengi zaidi kwenye likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya malipo ya siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa miezi 12. Mtu anaona "mwezi mmoja wa bure" na kuongeza mshahara wa mwezi wa kumi na tatu kwenye gharama. Lakini fundi hulipwa miezi 12, na likizo imo humo humo. Gharama yake haionekani kwenye fedha zinazotoka, inaonekana kwenye kazi isiyofanyika.

Ipime hivi. Karakana inafanya kazi siku sita kwa wiki, kwa hiyo mwaka una siku 312 za kazi. Likizo ya wiki nne inachukua siku 24 kati ya hizo. Sikukuu za kitaifa na za kidini zinazoangukia siku za kazi, tuseme 14. Zinabaki 274, hapo tukichukulia kwamba hajaugua hata siku moja. Gharama ya mwaka ni 667,980 mara 12, yaani 8,015,760. Gawa kwa 274, unapata karibu 29,255 kwa kila siku ambayo fundi yuko kwenye benchi lake. Mama aliyekuwa akigawa laki nne kwa siku 26 alikuwa akipata 15,385, na kwa namba hiyo ndiyo alikuwa anapanga bei ya kitanda. Ukiuza kitanda cha siku tatu za kazi kwa hesabu ya 15,385, umemwachia mteja zaidi ya elfu arobaini bila kujua.

Ikiwa kazi haiwezi kusimama na itabidi kibarua ashike nafasi yake kwa siku zile 24, hapo ndipo likizo inapokuwa fedha taslimu. Kwa mfano, kwa 20,000 kwa siku ni 480,000, sawa na 40,000 zaidi kwa kila mwezi wa mwaka. Ukiongeza fedha hiyo, basi zirudishe zile siku 24 kwenye kigawanyo, maana sasa kuna mtu anazifanyia kazi.

Kuna deni jingine ambalo halilipwi mwezi huu wala ujao, lakini linakua. Mfanyakazi aliyetimiza miezi 12 akiachishwa na mwajiri, isipokuwa kwa sababu chache kama utovu wa nidhamu, anastahili kiinua mgongo cha siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka aliokamilisha, hadi miaka 10. Kwa fundi wetu siku moja ni kama 17,577, hivyo siku saba ni karibu 123,000 kwa mwaka. Mwenye busara hutenga kama 10,250 kila mwezi. Sikuiweka kwenye 667,980 kwa kuwa huenda isilipwe kamwe, lakini ninaishauri iandikwe chini ya orodha, pamoja na siku za likizo ambazo kila fundi hajachukua.

Wengine hudhani njia ya kukwepa ni kumwita fundi wa kumi kibarua na kumtoa kwenye orodha. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kwa mfano amemfanyia kazi mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Fundi wa kila siku anazimaliza saa hizo kwa wiki moja. Jina la kibarua halitamwokoa mwajiri, na fundi akiumia ndipo yote hujitokeza.

Mbadala halali upo, na unafaa kupigiwa hesabu. Wastani wa mshahara wa mafundi tisa ni kama 466,667, sawa na 2,393 kwa saa. Saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu, karibu 3,590, na ukiongeza NSSF na WCF za mwajiri inafika kama 3,967. Fedha ya fundi wa kumi inaweza kununua saa 168 za ziada kwa mwezi, karibu saa 19 kwa kila fundi, chini ya kikomo cha saa 50 kwa wiki nne. Fundi wa kumi mwenyewe, baada ya likizo na sikukuu, angetoa kama saa 171. Ni sawasawa, ilimradi mafundi tisa wamekubali na hawajachoka.

Fundi wa kumi na moja hesabu yake ni nyingine. Tozo ya wenzake imeshaanza kulipwa, kwa hiyo kwa mshahara uleule anaongeza 520,980 tu. Kwa oda za muda mfupi, mama huyu afadhali alipe saa za ziada na abaki na watu tisa. Kwa oda zenye mkataba wa mwaka, afadhali achukue mafundi wawili kwa pamoja, kila mmoja akimgharimu wastani wa 594,480, kuliko kumchukua mmoja na kubeba tozo yote juu ya mgongo wake.