Fiwa, Andikiana, Piganwa: Kauli za Vitenzi Hupimwa kwa Sentensi

Zoezi la mnyambuliko kwa kawaida huja na agizo fupi: nyambua kitenzi hiki katika kauli ya kutendea, kutendwa na kutendana. Mwanafunzi huchora jedwali, huandika mzizi pembeni, kisha hupachika viambishi kimoja baada ya kingine. Akipewa andika, atajaza andikia, andikwa na andikana. Majibu mawili ya kwanza ni sahihi. La tatu lina umbo linalokubalika lakini halina kazi, maana watu hawaandikani, huandikiana. Jedwali haliwezi kufichua kasoro hiyo, kwa sababu linatazama umbo peke yake, ilhali kila kiambishi cha mnyambuliko hubadilisha pia idadi ya washiriki wa tendo au nafasi zao katika sentensi.

Tukifuate kitenzi hicho hicho hatua kwa hatua. Mzizi wake ni andik-, na ile -a ya mwisho ni kiishio tu. Tuanze na sentensi ya kawaida: Halima aliandika barua. Washiriki ni wawili, mtenda na kitendwa. Tukiongeza -i- ya kutendea tunapata: Halima alimwandikia mjomba barua. Sasa wamekuwa watatu, na mgeni aliyeingia, mjomba, amekaa karibu zaidi na kitenzi kuliko barua. Tena amepata kiwakilishi chake ndani ya kitenzi, yaani -mw-. Hiyo ndiyo kazi kuu ya kauli ya kutendea: kumwingiza mshiriki ambaye kitenzi cha awali hakikuwa na nafasi yake.

Mshiriki huyo si lazima awe mtu anayefaidika. Anaweza kuwa chombo, kama katika kisu cha kukatia nyama, mahali, kama chumba cha kulalia, au sababu, kama tunapomuuliza mtu, “Unampendea nini?” Kwa hiyo anayeeleza kauli hii kwa maneno “kufanya kwa niaba ya mtu” ameeleza sehemu tu ya maana yake.

Kauli ya kutendwa hufanya kinyume. Haiongezi mshiriki, bali humwondoa mtenda kwenye kiima na kumpeleka mwisho wa sentensi baada ya na, au kumwacha kabisa: Barua iliandikwa na Halima, au Barua iliandikwa. Viambishi hivi viwili vikikutana, -i- hutangulia na -w- hufuata: Mjomba aliandikiwa barua na Halima. Hapa anayepanda kuwa kiima ni yule aliyeletwa na kutendea, si barua. Ndiyo maana “Barua iliandikiwa mjomba” hukwaruza sikio. Na tukisema “Mjomba aliandikwa”, tumesema jambo jingine, kwamba jina lake liliingizwa mahali fulani, pengine katika orodha ya walioajiriwa.

Kuhusu sauti, kanuni kuu ni nyepesi. Mzizi wenye irabu a, i au u huchukua -i-: kata hutoa katia, pika hutoa pikia, funga hutoa fungia. Wenye e au o huchukua -e-: cheka hutoa chekea, soma hutoa somea. Vinavyohitaji uangalifu ni vitenzi vinavyoishia na irabu mbili, kama vaa, zaa, ondoa na nunua. Mizizi ya vitenzi vingi vya aina hii zamani iliishia na l, kisha Kiswahili kikaidondosha. Ndugu zetu wengine wa Kibantu wanayo bado: pale tunaposema vaa, Wachewa husema vala, na zaa yetu kwa Wazulu ni zala. Tunaponyambua, l hiyo hurudi, nasi tunapata valia, zalia, ondolea na nunulia.

Kurudi kwa l kunaleta jambo ambalo jedwali hulificha. Kutendwa kwa nunua ni nunuliwa, na kutendewa kwake pia ni nunuliwa. Ukipewa neno lenyewe peke yake huwezi kujua ni kauli ipi. Sentensi ndiyo inayoamua. Katika “Gari limenunuliwa”, kiima ni kile kilichonunuliwa, hivyo ni kutendwa. Katika “Mtoto amenunuliwa viatu”, kilichonunuliwa kimebaki nyuma ya kitenzi, na kiima ni aliyenunuliwa kitu hicho, hivyo ni kutendewa. Ukiwa na shaka, rudisha sentensi katika hali ya mwanzo. Ya kwanza itakuwa “wamenunua gari”, ya pili itakuwa “wamemnunulia mtoto viatu”.

Kitenzi kinachofundisha zaidi katika somo hili ni fa. Kina mshiriki mmoja tu, anayekufa. Hakina kitendwa cha kupandishwa kuwa kiima, hivyo hakiwezi kwenda moja kwa moja kwenye kutendwa. Lakini kutendea kunaweza kumwingiza mshiriki wa pili, yule ambaye msiba umemwangukia: Mume alimfia Zuhura. Akishaingia, -w- sasa ina nafasi ya kufanya kazi: Zuhura alifiwa na mumewe. Nyesha hupita njia hiyo hiyo. Mvua ilinyesha, ikatunyeshea, tukanyeshewa. Mwanafunzi anayeelewa hatua hizi tatu hahitaji kukariri kwamba fiwa ni la pekee. Ataona mwenyewe kwamba limefuata kanuni.

Kauli ya kutendana, yenye -an-, huunganisha nafasi mbili: kila mtenda ni mtendwa pia. Kwa kuwa kitendwa kimeshaingia ndani ya kiima, kiwakilishi chake hakina mahali tena. Tunasema walimpenda, lakini hatusemi “walimpendana”. Kiima lazima kiwe cha zaidi ya mmoja, au mwenzake atajwe kwa na. Na hapo ndipo penye mtego. Juma alipigwa na Baraka maana yake Baraka ndiye mpigaji. Juma alipigana na Baraka maana yake wote wawili ni wapigaji. Neno na ni lile lile, lakini katika sentensi ya kwanza linamtambulisha mtenda, katika ya pili linamtambulisha mshirika.

Sasa tunaona kwa nini andikana halikufaa. Barua ndiyo inayoandikwa, na barua haiwezi kumwandika Halima. Wanaoweza kubadilishana nafasi ni Halima na mjomba, na mjomba aliingia kwa mlango wa kutendea. Hivyo -i- lazima itangulie -an-: Halima na mjomba waliandikiana barua. Kwa utaratibu huo huo -an- hutangulia -w-, kama tunaposema vita vilipiganwa.

Si kila umbo la kutendana limebaki na maana hiyo wazi. Shinda hutoa shindana, lakini wanaoshindana si kwamba kila mmoja amemshinda mwenzake, bali wanawania ushindi. Pata hutoa patana, ambalo leo ni kuafikiana. Maneno haya yamejitenga na mashina yake kimaana, na kamusi huyaeleza kwa maana zake yenyewe.

Anayefanya zoezi, basi, aanze na sentensi, ataje washiriki wake, aongeze kiambishi kimoja, kisha aandike sentensi mpya kabla ya kuongeza kingine. Ajaribu kwa la na lia. Kutendea kwa la ni lia, kama katika chumba cha kulia chakula. Kutendea kwa lia ya machozi ni lilia, kwa sababu l iliyodondoka imerudi: Mtoto anamlilia mama. Kutendwa kwa la ni liwa. Kutendewa kwa lia ni liliwa. Akiweza kusema ni nani aliyeongezwa na nani aliyeondolewa katika kila hatua, majibu ya jedwali yatajazwa bila kubahatisha.