Kuondoa vumbi na mikunjo kwenye shela bila kuharibu lesi

SHELA lililosafirishwa kwa basi kutoka Mbeya hadi Tunduma, mwendo wa zaidi ya kilometa 100, mara nyingi hufika likiwa limekunjamana. Likishushwa na kujaribiwa uani, mkia wake huburuta ardhini na pindo huchukua vumbi jekundu. Wengi hukimbilia kitambaa chenye maji au pasi ya moto, na hapo ndipo nguo huharibika.

Tuchukue mfano wa shela la kukodi litakalovaliwa Jumamosi. Limefika Alhamisi jioni. Lina bitana ya satini, juu yake tabaka mbili za neti nyepesi, na ukingo wa lesi yenye shanga. Pindo lina michirizi ya vumbi na mkia una mikunjo mirefu.

Kazi ya kwanza ni kuondoa vumbi likiwa kavu. Wekundu wa udongo hutokana na madini ya chuma yaliyoshikamana na chembe laini za mfinyanzi. Chembe hizo zikilowa huingia katikati ya nyuzi, na alama iliyokuwa ya kupangusa tu hugeuka doa. Tundika shela juu, mkia usiguse sakafu, kisha likung'ute taratibu kutoka ndani. Kama kuna tope, liache likauke kabisa. Baada ya hapo tumia brashi laini, kama ile ya watoto wachanga, ukisugua kuelekea chini. Penye lesi, shikilia kitambaa kwa mkono wa pili ili nyuzi za brashi zisinase kwenye matundu.

Alama zinazobaki ndizo huoshwa, na ni sehemu hizo tu. Changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji isiyo kali katika lita moja ya maji ya vuguvugu. Jaribu kwanza kwenye mshono wa ndani. Rangi au mng'ao ukibadilika, acha, umpelekee dobi mwenye uzoefu wa nguo hizo.

Jaribio likifaulu, tandika taulo jeupe chini ya upande wa mbele wa pindo, kisha gonga-gonga mgongoni mwa alama kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Uchafu utahamia kwenye taulo. Sogeza taulo kila linapochafuka. Usisugue, kwa sababu neti husogea nyuzi zake na hairudi ilivyokuwa. Usitumie dawa ya klorini, kwani huweza kuifanya neti ya nailoni kuwa ya njano na hudhoofisha hariri.

Suuza kwa kitambaa chenye maji matupu mara mbili au tatu. Sabuni ikibaki, sehemu hiyo hukauka ikiwa ngumu na hunasa vumbi upya. Utajua kwa kuinua pindo mbele ya mwanga: duara lenye ukingo mweusi maana yake bado hujasuuza vya kutosha. Kausha kivulini, mkia ukiwa umelazwa juu ya shuka safi, kwa kuwa nguo yenye maji ikining'inia huvutwa na uzito wa shanga.

Mikunjo hushughulikiwa mwisho, kwani joto la pasi huweza kulifanya doa ligande. Kwa neti, mvuke unatosha. Shika mashine ya mvuke umbali wa sentimeta 15 hivi, uanze na bitana ukiwa ndani ya gauni, kisha neti tabaka moja baada ya jingine, huku ukivuta pindo kidogo kwa mkono. Ukikosa mashine, tundika shela katika bafu lililojaa mvuke wa maji moto, ukiangalia matone yasilidondokee.

Lesi hupigwa pasi ikiwa imelazwa kifudifudi juu ya taulo nene, ili maua na shanga vizame humo badala ya kubanwa. Funika kwa kitambaa cheupe cha pamba, weka pasi kwenye nukta moja, yaani joto lisilozidi nyuzi 110, kisha gandamiza na uinue bila kuburuta. Shanga zilizobandikwa kwa gundi ziepushe na joto, kwani gundi hulegea. Pasi ya mkaa haifai, maana joto lake halipimiki na cheche moja hutoboa neti.

Dalili ya hatari ni neti kuanza kung'aa au kujikunja pembeni. Hapo nyuzi zimeanza kuyeyuka na hakuna dawa ya kuzirudisha. Ondoa pasi mara moja.

Kwa shela la mfano wetu, vumbi na madoa vishughulikiwe Alhamisi usiku, lilale likikauka, mvuke upigwe Ijumaa umeme ukiwapo. Baada ya hapo libaki limetundikwa ndani ya shuka la pamba hadi Jumamosi, na mkia ubebwe mikononi hadi mlangoni mwa ukumbi.